Dakika Arobaini na Moja za Adabu

Mama yangu na mama mkubwa Malsuk waligombana mwezi mzima kwa ajili ya pesa za duka, won laki tatu, na katika mwezi huo hakuna hata mmoja aliyetamka neno laki wala neno tatu. Waligombana kwa matunda. Mama mkubwa alishuka kutoka ghorofa ya tisa na zabibu. Mama akampandishia mapeari. Siku ya tatu ikashuka pichi, kubwa na ghali kuliko mapeari, na mama akalitazama lile boksi kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Wageni walipopita dukani walisema hawa wawili wanapendana kama nini. Wageni ni watu wepesi sana kuridhika.

Duka lao liko chini kabisa katika jengo letu hapa mjini Masan, kati ya fundi nguo na chumba ambamo watoto huitesa piano. Wanauza vitoweo vya mezani: dagaa waliokaangwa kwa sharubati ya mchele, mizizi ya yungiyungi iliyopikwa kwa soya, kimchi ya matango yaliyochachushwa kwa pilipili, majani ya kuloweka, kila kimoja kwenye kibakuli chake chenye kifuniko. Mama anapika. Mama mkubwa anauza, anapokea oda za simu na anashika pesa. Si dada wa mama kwa damu. Alimtangulia kuzaliwa miaka minne tu, na miaka hiyo minne mama ameilipia kwa kuinama kila siku kwa muda wa miaka kumi na moja.

Mimi ni Serin, nina miaka kumi na saba, na mwezi huo wa tisa nilikuwa nyumbani kwa hukumu. Shule yetu ya bweni inahesabu makosa kwa alama, na ukifikisha alama kumi na tano unafukuzwa bwenini wiki moja. Nilikuwa nimebandika tangazo lenye lugha ya heshima kabisa kuhusu ukaguzi wa mito, na wasichana mia na arobaini wakajitokeza uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, kila mmoja amekumbatia mto wake. Mlezi wa bweni naye alitoka na wake. Nadhani ni hilo lililoniongezea alama.

Kwa hiyo nilikuwepo Ijumaa mama aliporudi kutoka kwa Bwana Cheon, mtu wa kodi anayewafanyia hesabu za serikali, akiwa amekunja uso.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema mkataba wetu wa zamani unasema nusu kwa nusu, na sisi tunamwambia si nusu tena, na kila mmoja anamwambia kivyake. Anataka karatasi moja. Mgawo, na nani anafanya kazi gani, na wote wawili tuwe tumeithibitisha. Jumatatu asubuhi."

"Kwani mlikubaliana nini?"

"Tulikubaliana vizuri tu."

"Vizuri ni asilimia ngapi?"

Mama akaanza kumenya vitunguu saumu ambavyo vilikuwa vimeshamenywa.

Ukweli ukatoka kidogo kidogo. Mwezi wa saba mama mkubwa alianza kulea mjukuu wake asubuhi, kwa hiyo akawa anafika dukani saa saba mchana. Tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka hiyo saa saba, mama alikuwa peke yake jikoni na kaunta. Nusu kwa nusu haikuwa haki tena, na wote wawili walilijua hilo. Wakalizungumza kwa simu, maana ana kwa ana wangeonana nyuso. Wakakata simu wakiwa na furaha. Kisha ukaja mwezi wa nane, mwezi wa joto ambao hakuna mtu anayetaka kula. Baada ya kodi ya duka, mboga, umeme na kila kitu ilibaki faida ya milioni tatu tu. Mama mkubwa akamtumia mama milioni moja na laki nane. Mama alikuwa anangoja milioni mbili na laki moja. Ndipo zabibu zilipoanza kushuka.

"Na hukumwuliza?"

"Nitamwulizaje? Ataona nahesabu."

"Mama, ni biashara. Kazi yenu ni kuhesabu."

"Wewe ukae kimya na mito yako."

Kilichoifanya karatasi hiyo kuwa kitu cha kukosesha usingizi ni mwenye nyumba. Mkataba wa pango ulikuwa unaisha, na Jumatatu hiyo hiyo saa tano alikuwa anakuja kusaini mpya, miaka miwili. Amana ya duka ni milioni arobaini, ishirini za mama na ishirini za mama mkubwa. Mmoja akikataa kusaini anaondoka na ishirini zake, na mama hana pa kupata nyingine. Duka lingefungwa, na mama angeondoka na sufuria kumi na mbili na miaka kumi na moja.

"Ile simu ilirekodiwa?" nikauliza.

"Simu yangu inarekodi kila kitu."

"Na ya mama mkubwa?"

"Ya kila mtu inarekodi, Serin."

Basi tafakari hilo. Wanawake wawili wazima, kila mmoja anatembea na ushahidi mfukoni, na hakuna aliyeubonyeza ausikilize. Wangefikishana mahakamani kwa matunda kabla ya kufanya hivyo.

Simu ya mama ina kitu kinachofupisha mazungumzo chenyewe. Nikakibonyeza. Kikafikiri sekunde nne, kisha kikaandika: "Wahusika wawili walizungumza kwa upendo kuhusu duka. Walikubaliana kugawana faida kwa haki na kusaidiana kazi. Hatua inayofuata: kuendelea kushirikiana." Ungeweza kuusoma muhtasari huo harusini na watu wakapiga makofi. Namba haikuwamo hata moja. Mashine ilikuwa imelelewa na wanawake wa mtaa wetu.

Nikaweka visikizio masikioni nikaisikiliza mwenyewe, dakika arobaini na moja. Nakupa kipande.

"Dada, mimi sina neno," anasema mama. "Wewe ndiye unayejua hesabu. Amua wewe."

"Nitaamuaje mimi, Mama Serin? Wewe ndiye unayeunguza mikono. Chukua fungu kubwa. Mimi nipe hata ya nauli."

"Nauli ipi, dada, unakaa juu yangu."

"Basi ya lifti."

"Hata, hata. Chukua yote wewe, mimi nitakula makombo ya sufuria."

"Yote nitayapeleka wapi? Mimi nimezeeka. Sitaki kitu."

Waliendelea hivyo dakika kumi na tatu bila kupumzika. Nilihesabu. "Amua wewe" ilitamkwa mara ishirini na sita. Mimi nimelelewa na watu hawa na najua kwamba "sitaki kitu" ni heshima, kama kuvua viatu mlangoni. Lakini nimesoma shule yenye kanuni zenye kurasa tisini, na kanuni zimenifunza raha ya kumkamata mtu kwa maneno yake mwenyewe. Nikaketi kwenye ndoo ya kimchi iliyopinduliwa, nikaandika muhtasari wangu kwa utulivu wa karani wa mahakama kuu, kisha nikautuma kwenye kundi la simu la duka, ambamo mlikuwa na mama, mama mkubwa na mimi.

"Waheshimiwa wabia. Haya ndiyo mliyokubaliana, na dakika zake. Moja: Bibi Pyo Malsuk hataki kitu, ila nauli ya lifti (dakika ya 6). Mbili: Bibi Ok Myeonghui atapewa makombo ya sufuria (dakika ya 7). Tatu: faida inayobaki haina mwenyewe. Nne: kila mmoja amesema uamuzi wote uko kwa mwenzake. Tafadhali kila mmoja aandike 'Nathibitisha'."

Nilikuwa nimeridhika nao kupita kiasi. Alama ya kusomwa ikatokea. Dakika moja ikapita. Kisha kundi likaandika lenyewe: Pyo Malsuk ametoka.

Mtaani kwetu mtu anaweza kukutukana, akakurushia ndoo, na jioni mkala pamoja. Lakini akitoka kwenye kundi, ametoka.

Simu ya mama ikalia. Mama akaiweka kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na pilipili.

"Mama Serin," sauti ya mama mkubwa ilikuwa laini, na hiyo ndiyo mbaya. "Kama ulitaka kunicheka ungenicheka mwenyewe. Si kumtumia mtoto."

"Dada, sikujua, naapa mimi—"

"Hakuna neno. Mimi nimechoka tu. Jumatatu mwenye nyumba akija, mimi nichukue ishirini zangu nikapumzike. Wewe utapata mbia kijana, mwenye miguu. Si ni vizuri?"

Hapo ndipo mtu yeyote mwenye ulimi angesema hapana. Mama alifumba macho. Pilipili ilikuwa inamtiririka kwenye kiwiko.

"Amua wewe, dada," akasema.

Simu ikakatika. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau mama yangu kwa sekunde hiyo, na sekunde iliyofuata nilijidharau mimi, nikagundua mimi ndiye niliyestahili zaidi. Hakunigombeza. Alinawa mikono, akafunika dagaa, akaanza kuhesabu sufuria kwa kidole. Alipofika ya saba akaacha.

"Unafanya nini?"

"Naangalia zipi zitaingia nyumbani," akasema.

Jumamosi niliisikiliza simu ile tena mara tatu, safari hii bila kutafuta cha kuchekesha, na naapa ni kazi ngumu kuliko fizikia. Mara ya kwanza niliandika kila kitu kilichohusu pesa au kazi, na dakika yake. Mara ya pili niliweka alama: hiki wamekisema wote wawili, hiki kimesemwa na mmoja na mwenzake akahamia kwenye mjukuu, hiki hakikusemwa na mtu. Mara ya tatu nilifuta heshima zote. Baada ya kuzifuta, dakika arobaini na moja zilibaki kama tano.

Kazi zilikuwa rahisi. Mama mkubwa kuingia saa saba: wote wamesema. Oda za simu kupokelewa na yeye kutoka nyumbani asubuhi: wote wamesema. Kununua dagaa na mwani bandarini, mara mbili kwa wiki: mama mkubwa alisema atakwenda, mama akasema ahsante. Vizuri. Chemba ya mafuta chini ya sinki, ile inayonuka na lazima isafishwe kila wiki kabla bwana afya hajaja: mama alisema "lazima isafishwe", mama mkubwa akasema "lazima kabisa". Wote wawili walikubaliana kwa moyo mmoja kwamba isafishwe, na hakuna aliyejitaja. Haikuwa imesafishwa tangu mwezi wa saba. Nilikuwa nimedhani ile harufu ni ya mapiano.

Kisha dakika ya ishirini na tatu. Nilikuwa nimeipita Ijumaa yote kwa sababu haina kichekesho.

"Mimi nilikuwa nafikiri tu, kwa sauti, usinichukulie vibaya," anasema mama, "kwamba jiko lipewe milioni moja na laki mbili kwanza, kila mwezi. Halafu kinachobaki tunakata katikati. Ni mawazo tu."

"Ngoja nipige." Kikokotoo kinasikika. "Mwezi wa faida ya milioni sita, unatoa hiyo, zinabaki nne na laki nane, nusu yake mbili na laki nne. Wewe tatu na laki sita, mimi mbili na laki nne. Aa, hiyo si sitini kwa arobaini tu? Ya nini kuzunguka? Sitini kwa arobaini, tumemaliza."

"Ndivyo, dada. Ni kitu kilekile."

"Kitu kilekile."

Baada ya hapo waliagana kwa dakika kumi na sita.

Nikachukua karatasi. Kwa milioni sita, kweli ni kitu kilekile. Nikaweka milioni tatu za mwezi wa nane. Kwa sitini na arobaini mama anapata moja na laki nane, kama alivyotumiwa. Kwa njia ya jiko kwanza, anapata moja na laki mbili, kisha nusu ya iliyobaki ambayo ni laki tisa: jumla mbili na laki moja, kama alivyongoja. Hakuna aliyemwibia mwenzake hata won moja. Walikuwa wamekubaliana juu ya matokeo ya mwezi mmoja, kila mmoja akaondoka na kanuni yake mfukoni, na kwa sababu kukubaliana kunapendeza, wakafunga mdomo haraka kabla hakujaharibika.

Nikapanda ghorofa ya tisa. Mama mkubwa alifungua mlango, mjukuu amening'inia mgongoni akimla nywele.

"Umekuja kunipa nauli ya lifti?" akauliza.

Nikainama mpaka nikaona vidole vyangu. "Mama mkubwa, nilikosa. Mama hakujua. Nilikuwa najifurahisha."

"Najua hakujua. Mama yako hawezi mzaha, hata akifundishwa." Alinitazama. "Lakini mbona hakusema nibaki?"

"Ndiyo, mama mkubwa. Mbona na wewe hukusema unataka kubaki?"

Nilidhani ningepigwa na kandambili. Badala yake mjukuu alipiga chafya, na katika nafasi hiyo nikamwomba kitu kimoja: kesho duka limefungwa, ashuke nusu saa, nimsomee nilichosikia, na kila nukta aseme ndiyo, au asahihishe, au aseme haijaamuliwa. Majibu mengine hayapo.

"Hayapo?"

"Adabu haipokelewi."

"Mtoto mkorofi," akasema, na akafunga mlango. Sikujua kama hiyo ni ndiyo.

Jumapili alishuka. Alileta kisu chake mwenyewe, akaketi mbele ya mlima wa vitunguu saumu na kuanza kumenya bila kumtazama mama, na mama akamenya bila kumtazama yeye. Nilisimama karibu na friji nikasoma. Kwa kila nukta niliandika jina la mtendaji, kazi, siku na dakika ya kurekodi, na chini yake nafasi mbili za majina.

"Nukta ya kwanza. Kuanzia mwezi wa saba, Bibi Pyo anaingia saa saba mchana. Dakika ya tatu."

"Ndiyo," akasema mama mkubwa.

"Ndiyo," akasema mama.

"Ya pili. Bibi Pyo anapokea oda za simu asubuhi akiwa nyumbani, na anaziandika kwenye kundi kabla ya saa nne."

"Saa nne sikusema. Nilisema mapema."

"Mapema ni saa ngapi?"

"Mtoto akilala. Andika saa nne na nusu."

Nikafuta, nikaandika. Mama alithibitisha. Ya tatu, ya bandarini, ikapita. Ya nne nikaisoma kama ilivyo: wote wamesema chemba ya mafuta isafishwe, hakuna aliyesema ni nani. Kisu cha mama mkubwa kikasimama.

"Mimi nilidhani yeye, maana ni jikoni."

"Mimi nilidhani wewe, dada, maana ndiye unayeongea na bwana afya."

"Kwa hiyo tumekaa na uozo miezi miwili tukidhaniana."

"Imeandikwa 'haijaamuliwa'," nikasema kwa upole wa kuudhi. "Naweza kuiacha hivyo mpaka bwana afya aamue."

"Wiki moja mimi, wiki moja yeye," akasema mama mkubwa. "Andika. Naanza mimi."

"Naanza mimi, dada," akasema mama.

"Nimesema naanza mimi. Mtoto amesema adabu haipokelewi."

Tukafika ya tano. Nilikuwa nimeigawanya mara mbili kwenye karatasi, kushoto njia ya mama, kulia njia ya mama mkubwa, na chini hesabu za miezi mitatu. Nilisoma maneno yao wote wawili ya dakika ya ishirini na tatu, bila kupunguza. Kisha nikasoma mwezi wa milioni sita, sawa. Mwezi wa milioni tatu, tofauti ya laki tatu. Na mwezi wa sikukuu ya kuwaandalia marehemu meza, wa milioni tisa, ambao watu wananunua vitoweo kana kwamba marehemu wao wanakula kweli: kwa jiko kwanza mama anapata tano na laki moja, kwa sitini anapata tano na laki nne.

Mama mkubwa aliichukua karatasi, akapiga hesabu mwenyewe kwa simu yake, mara mbili. Uso wake ulibadilika taratibu.

"Mwezi wa nane," akamwambia mama, "ulidhani nimekula laki tatu zako."

Mama akamenya.

"Mama Serin. Nakuuliza."

"Nilidhani umesahau."

"Mwezi mzima unanipandishia mapeari ukidhani mimi mwizi."

"Si mwizi. Umesahau."

"Haya. Tuseme sasa." Mama mkubwa aliweka kisu chini. "Mimi nataka sitini kwa arobaini. Mwezi mzuri ni wetu wote, mwezi mbaya nao uwe wetu wote. Ukitoa yako kwanza, mwezi mbaya unaniangukia mimi. Na sikukuu inakuja, wewe mwenyewe utafaidi. Thibitisha, kesho tusaini pango, yaishe."

Nilimwona mama akivuta pumzi ya kusema lile neno. Midomo yake ilikwisha kuwa tayari. Nilikuwa na karatasi mkononi na kalamu, na sikuruhusiwa kusema chochote. Nilijikataza mwenyewe, na ilikuwa kazi ngumu kupita alama zote za bweni. Kama angesema amua wewe, ningeandika, na angelipwa hivyo miaka miwili, na mwezi wa nane wa kila mwaka angenunua mapeari mpaka siku moja aache.

"Sikubali," akasema mama.

Alilisema chini sana, kwa vitunguu saumu. Mama mkubwa aliinamisha kichwa kusikia vizuri.

"Sikubali, dada. Sikukuu ni mara mbili kwa mwaka. Miezi mibaya ni mitatu, na ada ya huyu inatoka kila mwezi. Nikiamka saa kumi usiku nataka kujua kuna kitu hakitapungua. Hizo za sikukuu chukua. Lakini jiko kwanza."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akimtolea mtu aliyezaliwa kabla yake. Alipomaliza alikuwa mwekundu kama aliyekula pilipili zote za dukani.

Mama mkubwa alimenya punje tatu. Nilikwisha kuanza kuona sufuria zikipanda ngazi.

"Basi kama ni ujira," akasema, "uwe ujira. Unalipwa kwa siku za kupika. Tunafungua siku ishirini na nne kwa mwezi. Milioni moja na laki mbili gawanya."

"Elfu hamsini kwa siku," nikasema.

"Ukiugua nikaingia jikoni mimi, elfu hamsini ya siku hiyo ni yangu. Hata kama nimeunguza dagaa."

"Utawaunguza," akasema mama.

"Nitawaunguza. Unakubali au hukubali?"

"Nakubali."

"Umelisikia, Serin? Andika vizuri, weka na saa. Nimemngoja mwanamke huyu miaka kumi na moja aseme neno moja linaloeleweka." Aliokota kisu. "Nilikuwa nafanya biashara na mto."

Waliandika majina yao chini ya kila nukta kwa mkono, kwa sababu Bwana Cheon ni mtu wa karatasi. Niliwatumia pia kwenye kundi jipya, nukta saba na mstari mmoja wa "haijaamuliwa", na kila mmoja akaandika "Nathibitisha" kwa wakati wake, simu zikiwa umbali wa hatua mbili. Mama mkubwa akatuma na laki tatu, na maelezo: mwezi wa nane.

Mstari ule wa "haijaamuliwa" ndio uliotuchelewesha Jumatatu ofisini kwa mtu wa kodi. Bwana Cheon alisoma karatasi yote akiitikia kwa kichwa, ameridhika, akaeleza kwamba mbele ya sheria ya kodi ujira wa mwenye duka si gharama, ni sehemu ya faida yake, kwa hiyo ataujumlisha kwenye fungu la mama. Kisha kidole chake kikafika chini.

"Na faida ya mwezi ikiwa chini ya milioni moja na laki mbili? Jiko linadai, au linasamehe?"

"Linadai," akasema mama.

"Linasamehe," akasema mama mkubwa. "Pesa ambayo haipo utaidai kwa nani?"

"Kwa mwezi unaofuata."

"Na huo ukiwa mbaya?"

"Unaofuata tena."

"Mpaka mjukuu wangu aoe? Mwezi mmoja tu, Mama Serin. Hapo ujira usipopatikana, deni limekufa."

"Miwili."

"Mmoja."

Bwana Cheon alitazama saa ya ukutani, iliyoonyesha saa nne na dakika hamsini, na kusema kwa heshima kubwa kwamba mabibi wangeweza kwenda kulizungumza nyumbani kwa utulivu, kisha wampigie simu. Walimtazama wote wawili kwa pamoja, kwa dharau moja. Mama alivuta kiti chake mbele.

"Hatutoki," akasema. "Dada, mwezi mmoja, lakini ukiangukia sikukuu usihesabiwe, deni lingoje unaofuata."

"Usihesabiwe," akasema mama mkubwa. "Andika, Bwana Cheon. Mbona unakaa tu na kalamu? Mwenye nyumba anatungoja."